Pakiti mbili za ORS kwenye picha moja: ipi ya lita, ipi ya glasi?

*"Daktari, mwanangu ana miezi 14 na kilo 9. Anaharisha maji tangu jana usiku, kama mara sita hivi, na ametapika mara mbili. Nimepiga picha pakiti za ORS nilizo nazo, moja kubwa na moja ndogo. Sina chombo cha kupimia lita, na mtoto hawezi kumaliza lita nzima. Naweza kutia nusu ya ile kubwa kwenye kikombe? Nimpe kiasi gani, na nitajuaje kwamba sasa ni wa kupelekwa kliniki?"*

Mama, kabla ya pakiti, mtazame mtoto. Kama amelegea hata ukimwita hashtuki, kama hawezi kunywa wala kunyonya, kama kila kinachoingia kinatoka, au kama amepata degedege, acha kusoma na umpeleke kituo cha afya sasa hivi. Kama yuko macho, anakutazama na anapokea anachopewa, basi tuna nafasi ya kuzungumza.

Nimeikuza picha yako. Pakiti kubwa imeandikwa gramu 20.5 na chini yake lita 1. Ile ndogo imeandikwa gramu 4.1 na mililita 200. Rangi zinafanana, herufi kubwa za ORS zinafanana, na ukiziweka kando kwa kando hivyo mtu anaweza kudhani tofauti ni ya kiwanda tu. Tofauti ni ya maji. Dawa iliyomo ni ile ile: kwenye pakiti kubwa kuna glukosi gramu 13.5, sitrati ya sodiamu gramu 2.9, kloridi ya sodiamu (hiyo ndiyo chumvi ya kawaida) gramu 2.6, na kloridi ya potasiamu gramu 1.5. Jumlisha utapata 20.5. Huu ndio mchanganyiko ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaupendekeza tangu mwaka 2002. Pakiti ndogo ina sehemu moja ya tano ya kila kitu, kwa hiyo inahitaji sehemu moja ya tano ya maji. Ndogo si ya watoto na kubwa si ya watu wazima. Nalisema hili kwa sababu ndivyo wengi wanavyozielewa, na kosa lenyewe huanzia hapo.

Kwa nini maji yawe kiasi hicho hasa? Mtoto anapoharisha, utumbo wake unamwaga maji na chumvi nyingi kuliko unavyonyonya. Lakini kuna njia moja kwenye ukuta wa utumbo ambayo kwa kawaida kuhara hakuiharibu: ile inayopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja. Vikiingia hivyo viwili, maji huvifuata. ORS imepimwa ili vitu hivyo viwili vifike kwa uwiano unaofaa, ndani ya maji yasiyo mazito kuliko damu. Ukiyafanya mazito, mambo hugeuka: badala ya maji kutoka utumboni kwenda mwilini, yanavutwa kutoka mwilini kuja utumboni, na mtoto anaharisha zaidi.

Sasa fikiria pakiti yako kubwa ikitiwa kwenye glasi ya mililita 200. Gramu zote 2.6 za chumvi, karibu nusu kijiko cha chai, zimeingia mahali palipotakiwa kuwa na nusu gramu tu. Kinywaji hicho kina chumvi mara tano ya inavyopaswa. Mtoto akikinywa anazidi kuwa na kiu, kwa hiyo anaomba tena, na mzazi anafurahi kwamba dawa inanyweka. Baadaye anakuwa na hasira isiyo ya kawaida, kisha anasinzia, na sodiamu ikipanda sana kwenye damu anaweza kupata degedege. Kosa la upande wa pili, pakiti ndogo kwenye lita nzima, halionekani upesi lakini nalo lina madhara. Hayo ni karibu maji matupu. Mtoto anapoteza chumvi kwa kila choo na anarudishiwa maji peke yake, mpaka sodiamu inashuka mno, na huko nako kuna kusinzia na degedege.

Ndiyo maana jibu la kutia nusu ya pakiti kwenye kikombe ni hapana. Kwanza, jicho haligawi unga kwa usahihi. Pili, chembe za chumvi na za glukosi hazilingani, na zikitikiswa safarini na dukani hazikai kwa mpangilio mmoja ndani ya pakiti. Nusu ya juu inaweza isifanane na nusu ya chini. Tatu, unga ukishafunguliwa unavuta unyevu na kugandamana. Mimina pakiti yote kwenye maji yake yote, mpe mtoto anachohitaji, kitakachobaki baada ya saa 24 kimwage. Najua inauma kumwaga dawa, lakini mchanganyiko uliokaa zaidi ya hapo haufai kumpa mtoto.

Kupima lita bila chombo cha lita si kugumu. Tafuta chupa ya maji ya kunywa iliyoandikwa mililita 500. Ijaze mpaka pale maji yalipokuwa yanafika ilipokuwa mpya dukani, si mpaka mdomoni kabisa, na uimimine mara mbili kwenye jagi au sufuria safi yenye mfuniko. Hiyo ndiyo lita yako. Usitegemee vikombe vya nyumbani, kwa sababu kikombe kimoja kinaweza kuchukua mililita 200 na kingine kinachokaribiana nacho kwa macho kikachukua 350. Kwa pakiti ndogo, tumia chupa ya kunyonyeshea yenye alama za mililita: 200 ni 200. Angalia pia kwamba chupa ya nusu lita haifai kwa pakiti ndogo hata ukitia mbili, maana mbili zinahitaji mililita 400. Kwa ulichonacho, ningechanganya ile kubwa.

Nawa mikono kwa sabuni. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyotiwa dawa ya kusafisha maji. Pima maji kwanza, kisha mimina unga wote, ukigonga pakiti ili kisibaki kitu kwenye pembe zake, ukoroge mpaka yawe maangavu. Halafu onja mwenyewe kwa kijiko kingine. Yasizidi chumvi ya machozi. Yakiwa makali kuliko hapo, umekosea maji. Yamwage uanze upya, usijaribu kuyarekebisha kwa kukisia. Usiongeze sukari ili yawe matamu, wala maziwa, juisi au soda, kwa sababu kila kimoja kinavuruga uwiano. Usiyachemshe baada ya kuchanganya, kwa kuwa mvuke unaondoka na maji na chumvi inabaki. Yafunike, andika saa uliyochanganya, na kesho saa kama hiyo yamwage hata kama bado yanaonekana mazuri.

Jambo moja kwenye picha linanisumbua: kidole chako kimefunika tarehe ya mwisho wa matumizi ya pakiti kubwa. Isome. Kisha ipapase: unga unapaswa kuteleza ndani. Vibonge laini vinavyovunjika kwa kuminya si tatizo, lakini kama umegeuka jiwe, umekuwa wa kahawia, au hauyeyuki kabisa, usiutumie. Pakiti ndogo naona ina mkunjo kwenye kona ambao unaweza kuwa tundu. Kama hewa inatoka ukiiminya, iweke kando.

Sasa kiasi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 anayeharisha lakini bado hajaonyesha dalili za kuishiwa maji, mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Hiyo ni robo hadi nusu ya glasi ya mililita 200. (Mwenye miaka 2 hadi 10 hupewa mililita 100 hadi 200.) Mwanao akiendelea kupata choo mara sita kwa siku, atakunywa kati ya mililita 300 na 600, juu ya maziwa ya mama na chakula chake cha kawaida. Kwa hiyo umesema kweli, lita hataimaliza, wala hatakiwi kuimaliza. Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi kuliko kawaida. Usimnyime chakula kwa wazo kwamba tumbo lipumzike. Mpe kidogokidogo kadiri anavyokubali.

Kutapika mara mbili hakuzuii ORS. Kinachoshindwa mara nyingi ni mwendo: mtoto ana kiu, anapewa kikombe, anagugumia mililita 80 kwa mkupuo, tumbo linajaa ghafla na vyote vinarudi. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza na kijiko cha chai kimoja kila dakika moja au mbili. Inachosha, nakubali, na ukiwa peke yako usiku utaona kama haifiki popote. Lakini fanya hesabu: kijiko cha chai ni mililita 5. Kimoja kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa. Kwa mtoto wa kilo 9 hicho ni kiasi cha maana sana. Tumia kijiko au kikombe badala ya chupa ya kunyonyeshea. Kwa chupa ni rahisi kumeza haraka mno, na chupa ni ngumu kusafisha vizuri.

Usikate tamaa na ORS kwa sababu kuhara kunaendelea. Kazi yake si kufunga choo. Mtoto anaweza kuendelea kuharisha siku kadhaa huku akiwa salama, kwa kuwa anachopoteza kinarudishwa. Ukiwa na vidonge vya zinki, au ukipewa kituoni, mpe kwa kipimo ulichoelekezwa kwa siku 10 hadi 14, na umalize hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Zinki hupunguza muda na ukali wa kuhara. Dawa za kufunga choo zinazouzwa kwa watu wazima usimpe hata kidogo. Antibayotiki nayo usiianze bila kupimwa, kwa sababu kuhara maji kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, na antibayotiki haiviwezi.

Tuje kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Kila baada ya saa chache, mwangalie mtoto kwa mambo manne. La kwanza ni hali yake: ametulia na anacheza, au hatulii na analia kwa hasira, au amelegea? La pili ni macho: yamezama kuliko kawaida yake? Wewe unaujua uso wake kuliko mimi, kwa hiyo jibu lako hapa lina uzito. La tatu ni kunywa: anakunywa kawaida, anaking'ang'ania kikombe, au hana nguvu ya kunywa? La nne ni ngozi ya tumbo. Mlaze chali, mikono ikiwa ubavuni. Kati ya kitovu na ubavu, kamata ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, mkunjo ukielekea kichwani na miguuni. Inua kwa sekunde moja, achia, tazama. Ngozi yenye maji inarudi papo hapo. Ukiuona mkunjo hata kwa muda mfupi baada ya kuachia, inarudi polepole. Ukibaki zaidi ya sekunde 2, hiyo ni polepole sana.

Dalili mbili kwa pamoja ndizo zenye maana. Akiwa hatulii na ana kiu kali, au macho yamezama na ngozi inarudi polepole, basi ameanza kuishiwa maji na kipimo cha robo glasi baada ya choo hakimtoshi tena. Akiwa amelegea au hawezi kunywa, na macho yamezama au ngozi inakaa zaidi ya sekunde 2, ameishiwa sana. Huyo anahitaji maji ya mshipa haraka, si kusubiri asubuhi. Kipimo cha ngozi peke yake kina mipaka yake: mtoto aliyekonda sana ngozi yake hurudi polepole hata akiwa na maji, na mtoto mnene ngozi yake inaweza kurudi haraka ilhali ameishiwa. Kwa hiyo usijiliwaze na ngozi tu kama mengine matatu yanakwambia vinginevyo.

Nikuonyeshe kitakachofanyika kliniki, ili usishangae wakikupa kikombe na kijiko badala ya dripu. Kwa mtoto aliyeanza kuishiwa maji lakini anaweza kunywa, kipimo ni mililita 75 kwa kila kilo, ndani ya saa 4. Kilo 9 mara 75 ni mililita 675, yaani kama mililita 170 kwa saa. Rudi kwenye hesabu yetu ya kijiko: kimoja kila dakika mbili kilitupa 150, kwa hiyo ukikaribia kijiko kila dakika moja na nusu umeshafika. Akitaka zaidi, anapewa zaidi. Baada ya saa 4 anapimwa upya kwa mambo yale yale manne, na hapo ndipo huamuliwa kama anarudi nyumbani, anarudia saa 4 nyingine, au anawekewa dripu. Hili lifanyike mbele ya mhudumu, kwa sababu mtoto anaweza kubadilika ndani ya saa hizo, na nyumbani hakuna sindano ya kumsaidia. Njiani kuelekea huko endelea kumpa vijiko, mradi yuko macho na anameza.

Kuna mambo mengine ambayo yanatosha kukupeleka kliniki hata kama hana dalili ya kukosa maji. Damu kwenye choo ni mojawapo, kwa kuwa huenda akahitaji antibayotiki. Matapishi ya kijani ni jingine, na hilo ni la haraka, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umeziba. Hali kadhalika mtoto anayelia kwa vipindi akikunja miguu tumboni, kisha anatulia, kisha analia tena. Ongeza homa kali, tumbo lililovimba na kuwa gumu, choo kinachotoka kwa wingi kama maji ya kuoshea mchele, kutokojoa kwa saa 6 au zaidi akiwa macho, na kuhara kunakofika siku 14. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayeharisha apelekwe bila kusubiri dalili yoyote. Naye mwenye utapiamlo mkali, aliyekonda mno au aliyevimba miguu yote miwili, asitibiwe nyumbani kwa kipimo nilichokupa, kwa sababu mwili wake unashindwa kuhimili chumvi na maji kwa kasi hiyo. Kituoni wanao mchanganyiko tofauti na mwendo tofauti kwa ajili yake.

Kwa mwanao ilivyo sasa, kama ananyonya na amekojoa asubuhi hii, changanya pakiti kubwa, mpe vijiko, na umwangalie kwa yale manne kila saa tatu au nne. Kama kutapika kutaendelea hata kwa mwendo wa kijiko, ondoka. Kama tayari ulishampa glasi iliyotiwa nusu ya pakiti kubwa, acha hiyo uchanganye upya na uendelee kumnyonyesha. Ukiona kiu isiyoisha, hasira au kusinzia kusiko kwa kawaida, mpeleke leo hii na uwaeleze alichokunywa. Chukua pakiti yenyewe, hata ikiwa tupu. Waambie ulitia maji kiasi gani, amekunywa kiasi gani tangu usiku, ameenda choo mara ngapi, na mara ya mwisho alikojoa saa ngapi. Kwa majibu hayo mhudumu ataamua haraka zaidi.